Fungu la ndugu: nilivyoacha kutuma hela kwa kushtukizwa

Nilianza kwa kuketi Jumamosi moja na simu yangu, nikarudi nyuma miezi sita na kuandika daftarini kila hela niliyowatumia ndugu. Nilijua nasaidia sana. Sikujua ni kiasi gani, na nilikuwa nimemlaumu asiyehusika.

Tuseme mshahara wangu ni 100 kwa mwezi. Kwa wastani, 27 zilikwenda kwa ndugu. Moyoni siku zote nilidhani mzigo ni mama, kumbe mama alikuwa anapata 8 tu. Ada ya mpwa wangu ilikuwa 4. Zile 15 zilizobaki zilitoka kidogo kidogo: "nimekwama", "niongezee kidogo", "nikopeshe mpaka mwisho wa mwezi". Na 15 ndiyo hasa niliyokuwa nimepanga kuweka akiba kila mwezi. Katika miezi sita ilipasa niwe na 90. Nilikuwa na 11.

Nikapanga fungu la 18. Mama 8, zinamfikia siku ya pili baada ya mshahara bila kuniomba. Ada 4, ninazitenga kila mwezi ingawa hulipwa kwa muhula, na nailipa shule moja kwa moja. Dharura za ndugu wote, 6. Nikafungua akaunti ya pili kwa ajili ya fungu hilo peke yake, nikaiagiza benki ihamishe yenyewe siku mshahara unapoingia, akiba yangu ikitangulia. Hapo ndipo penye kazi yote. Ukisubiri kuweka akiba kinachobaki, hakibaki.

Za dharura zisipotumika hazirudi kwangu, zinalala palepale zikisubiri mwezi mwingine. Zikiisha, zimeisha.

Mwezi wa pili nilivunja kanuni hiyo. Binamu aliomba, fungu lilikuwa tupu, nikamtumia 5 nikijiambia nazichukua kwenye 6 za mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika nilianza na 1, na kabla ya tarehe 10 nilikuwa nimeshakopa tena mbele. Tangu hapo sikopi fungu lijalo hata kwa siku mbili.

Kosa jingine lilikuwa la mdomo. Nilimwambia shangazi kwamba nina akaunti ya dharura za familia, na kwamba ina kitu. Wiki ile nilipata maombi matatu. Siku hizi kila mtu anajua chake tu: mama anajua 8 zake, dada anajua ada. Salio silitaji.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa sita. Mdogo wangu alipiga simu akitaka 40 za kuongeza mtaji. Fungu la dharura lilikuwa na 14. Zamani ningesema "ngoja nitafute", halafu ningechota akiba. Safari hii nilimwambia, "Mdogo wangu, 40 sina. Nina 6, nakupa, wala usinirudishie." Sikumwambia "sasa hivi sina", kwa sababu ukisema sasa hivi umeahidi baadaye. Wala sikumkopesha, maana deni la ndugu asiyeweza kulipa linakupotezea hela na ndugu.

Alikata simu. Jioni mama akapiga: "Mwanangu, nasikia umemkatalia mdogo wako." Nikamweleza nilichompa, na kwamba 8 zake haziguswi hata nikigombana na nani. Akanyamaza kidogo, akauliza habari za watoto. Sidhani kama alikubaliana nami siku ile.

Wiki tatu baadaye dada alilazwa. Fungu lilikuwa na 8, mshahara ukaingia likawa 14, na bili ilikuwa 12. Nikailipa hospitali yenyewe, sikupitisha hela mkononi mwa mtu. Ningempa mdogo wangu zile 14 zote, siku ile ningekuwa na 6 tu, nusu nyingine ningeichota kwenye akiba.

Bili ingekuwa 60, fungu lisingefua dafu. Hilo niliamua mapema, nikiwa mtulivu: ugonjwa mkubwa wa mzazi, au wa ndugu wa tumbo moja, unaruhusu kugusa akiba, lakini isizidi theluthi moja. Pengo nalijaza kwa kupunguza matumizi yangu mwenyewe, na fungu linabaki 18.

Mdogo wangu alininunia miezi miwili. Alivyopiga tena aliniuliza kwanza, "Kaka, mwezi huu kuna nafasi?" Zilikuwepo 4. Aliomba 3.

Muhula ujao ada inapanda kidogo, hivyo dharura zitashuka kutoka 6 hadi 5. Bado sijamwambia mtu.