Vidole vinaangalia ndani, bibi anataka mtoto apasuliwe

Leo kliniki Moshi kaingia bibi kutoka Marangu na mjukuu wake wa miaka mitano, mama mtu nyuma kabeba mkoba. Nikatoa shikamoo, hata kuitikia vizuri hajaitikia, kashamgeuza mtoto nimuone anavyotembea, "ona dokta, anajikwaa kila saa". Nikacheka kidogo maana mtoto kavaa buti ngumu za mtumba kutoka soko la Memorial, na kavalishwa la kulia mguu wa kushoto, la kushoto kulia, eti zinyooshe miguu.

Nikamvua, nikamwambia akimbie koridoni mara tatu. Miguu yote miwili vidole ndani, lakini na vifupa vya mbele ya magoti navyo vinatazamana, hapo nikajua tatizo halianzi kwenye nyayo, liko juu kwenye paja. Nikamlaza kifudifudi, magoti nikayakunja digrii 90, halafu nikaachia miguu ianguke nje yenyewe. Hapa wanafunzi wangu huchanganyikiwa kila mwaka: mguu ukianguka nje, paja linazunguka NDANI. Na usikandamize, na mkono mmoja ushike nyonga isiinuke, la sivyo utasoma namba ya uongo. Kwake paja lilizunguka ndani mpaka digrii 75 pande zote, nje 20 tu. Akiwa bado amelala hivyo nikaangalia kwa juu unyayo na paja, unyayo umetoka nje kama digrii 10, kawaida kabisa, ukingo wa nje wa unyayo umenyooka. Kwa hiyo ugoko mzima, unyayo mzima, ni fupa la paja tu limejipinda kwa mbele zaidi.

Mtoto anazaliwa na pinda la kama digrii 40, mtu mzima anabaki na kama 15, na katikati hapo linajinyoosha polepole mpaka miaka 8 au 10. Viatu, vyuma vya kufunga miguuni, kumkataza kukaa amekunja miguu nyuma kama herufi W, hakuna kinacholiharakisha. Anakaa hivyo kwa sababu ndivyo nyonga zake zinavyomruhusu, sio kwamba kukaa ndiko kumempinda.

Bibi akauliza kwa nini tusimpasue sasa hivi yaishe. Nikamwambia bibi, upasuaji wenyewe ni kukata fupa la paja, kulizungusha na kulifunga kwa chuma, tunaufikiria kwa mtoto aliyepita miaka 8 au 10 ambaye bado anaanguka na pinda lake ni kubwa sana. Huyu anakimbia, haumwi.

Ningeona mguu mmoja tu umepinda, au anachechemea, au alichelewa kutembea, ningeongea tofauti. Na kijana wa miaka 13 ambaye mguu mmoja umeanza kuangalia nje na goti linamuuma, huyo simwambii subiri, ni eksirei ya nyonga siku hiyohiyo, kichwa cha paja kinaweza kuwa kinateleza.

Mama akarekodi video ya mwendo kwenye simu, tutalinganisha mwakani. Bibi kabaki kashika buti, "basi hata hizi zisivaliwe?" Zivaliwe bibi, ila kila moja kwenye mguu wake.