Kula Idi Unguja: Tulivyopanga Safari Kabla Mwezi Haujaandama

Familia yetu hufuata mwandamo unaotangazwa na Mufti hapa nchini, na kwa hiyo tulipoazimia kuwapeleka watoto Unguja kula Idi, ilitubidi tukate tiketi za boti kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyeijua. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na jibu hupatikana usiku wa kuamkia sikukuu, wakati boti za Dar es Salaam zimekwisha kuondoka. Mwaka 2025 walikuwapo pia majirani wanaofuata mwandamo wa Saudi Arabia, ambao walisali Idi Jumapili tarehe 30 Machi, ilhali sisi siku hiyo tulikuwa tumefunga ya 29.

Mume wangu alipendekeza tusubiri tangazo, kisha tuvuke asubuhi ya sikukuu mosi. Sikuafiki, kwa sababu siku zile nafasi katika boti huwa adimu, na safari ya asubuhi ingetukosesha sala ya Idi. Tuliamua kuvuka mwezi 28 Ramadhani, yaani Jumamosi tarehe 29 Machi, siku ambayo haina shaka yoyote, na kurudi Alhamisi tarehe 3 Aprili. Kwa hesabu hiyo, mwezi ukiandama Jumapili tungepata sikukuu tatu, na usipoandama tungepata mbili. Unguja husherehekea sikukuu nne, hivyo kwa vyovyote vile watoto wasingekosa shamrashamra.

Kuvuka kwa saumu kuna jambo moja linalohitaji kupangwa mapema, nalo ni kichefuchefu cha baharini. Mwishoni mwa Machi bahari huweza kuchafuka, na mwanangu wa pili hutapika hata ikiwa na mawimbi madogo. Kutapika bila kukusudia hakubatilishi saumu, lakini kumeza kidonge mchana kunaibatilisha. Kwa hiyo tulichagua boti ya saa moja asubuhi, nikampa dawa yake wakati wa daku, muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri, ili iwe imeshaanza kufanya kazi tunapoondoka bandarini. Tulikaa viti vya katikati, ghorofa ya chini, ambako boti hainesi sana kama mbele. Alifika salama, saumu yake ikiwa nzima.

Hoteli tuliiacha, tukapanga nyumba yenye jiko mtaa wa Kikwajuni, kwa kuwa hatukujua kama asubuhi ya Jumatatu tungehitaji daku au staftahi ya Idi. Vilevile mdogo wetu hajafikia umri wa kufunga, na mchana wa Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa, tena si adabu kumlisha mtoto barabarani. Uji wake niliupika mwenyewe na kumpa ndani.

Jumapili jioni, baada ya kufuturu, mama mwenye nyumba alinikuta nikitaka kubandika nyama ya pilau.

"Shikamoo, mama. Naona nianze mapema."

"Marahaba, mwanangu. Nyama itie viungo uiweke kwenye friji kwanza. Kaanga tambi, ukiambiwa kesho Idi, utazila asubuhi, na ukiambiwa kesho saumu, utazila daku."

Ushauri huo ulitufaa sana. Nilizikaanga tambi kavu kwa samli mpaka zikawa na rangi ya dhahabu, nikazitia tui, sukari, iliki na zabibu, nikazifunika. Visheti nilikuwa nimevipika Dar es Salaam na kuvitia mkebeni, kwa kuwa havichachi. Tangazo lilipotolewa kwamba mwezi umeonekana, kazi iliyobaki ilikuwa kupiga pasi kanzu na kubandika nyama.

Jambo ambalo familia inayosafiri isilisahau ni zaka ya fitri. Shekhe wetu alitueleza kabla ya safari kwamba, kwa madhehebu ya Shafii, hutolewa pale ambapo jua la siku ya mwisho ya Ramadhani limekuchwea, na iwafikie wanaostahiki kabla ya sala ya Idi. Sisi tupo sita, na kwa pishi moja kila mtu, takriban kilo mbili na nusu, tulihitaji kilo 15 za mchele. Tuliununua Unguja siku ya Jumamosi, na mama mwenye nyumba akatuonyesha familia mbili za jirani zilizostahiki, nasi tukawapelekea usiku uleule wa tangazo.

Maduka mengi hayakufunguliwa sikukuu mosi, kwa hiyo maziwa, mkate na maji vinunuliwe siku ya 29 mchana. Alasiri tulikwenda kwa miguu hadi viwanja vya Maisara, ambako watoto walitumia sikukuu zao kwenye bembea. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, kwa hiyo Idi iliyofuata tuliihesabia katikati ya Machi kuelekea mwishoni, na nyumba ya Kikwajuni tuliiomba tena kuanzia mwezi 28.