Binti yangu kapewa jina la mnyama

Hapa Ubelgiji, skauti akishafika miaka 12 hivi, huja kambi moja ya Julai akapewa totemu, yaani jina la mnyama anayefanana naye kwa tabia. Baadaye huongezewa sifa. Hergé, mchoraji wa katuni za Tintin, enzi za uskauti wake aliitwa Mbweha Mdadisi. Wengi huitana hivyo hadi uzeeni, kwa hiyo jina baya si mzaha wa siku moja.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu, kambi ikiwa Ardennes. Kiongozi wao alinisimulia walivyolitafuta. Watoto wakishalala, wenye totemu hukaa pamoja, na anayetaja mnyama sharti ataje na jambo ambalo mtoto kalifanya. Wa kwanza alisema twiga, kwa kuwa binti ni mrefu. Likakataliwa: urefu ni umbile, si tabia. Mwingine akasema duma, "maana kwao Afrika". Huyo aliulizwa amemwona lini akikimbia, akanyamaza.

Ndipo mmoja akakumbuka ile safari ya miguu. Mtoto mdogo alitokwa lengelenge kisiginoni akabaki nyuma, na binti yangu, bila kutumwa, akarudi, akambebea begi na kutembea naye hadi mwisho. Wakasema: mbwa wa kuchunga kondoo. Kwao ni sifa kubwa. Bahati nzuri kiongozi alinipigia simu kwanza kuuliza kama kuna wanyama ambao kwetu ni matusi. Nikamwambia mbwa hapana, bibi yake Tanga akisikia atapanda ndege. Nyani na kima pia wasiguswe kabisa kwa mtoto mweusi, huku ndiyo matusi anayotupiwa shuleni.

Wakaangukia pomboo, ambaye huonekana akimwinua mwenzake aliyeumia hadi juu ya maji apate kuvuta pumzi. Mtu wa pwani nikatae nini hapo?

Kuna vikundi ambako mtoto hufungwa macho usiku, akapakwa matope na kulishwa vitu vya ajabu ndipo apewe jina. Kwenye kikundi cha binti yangu hayo hayapo. Binti aliulizwa kando, peke yake, kama anataka totemu mwaka huu, na akaambiwa anaweza kulikataa hata likishatajwa. Jioni, kwenye moto, walimsomea maelezo ya mnyama polepole bila kumtaja, naye akawa anakisia. Muda wote kiongozi alikuwa akimtazama usoni. Wenzake wakicheka naye akainamisha kichwa, jina hilo hufutwa usiku uleule, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia.

Alikisia samaki, kisha kasa, kisha akapata.

Sifa bado. Wanasema itakuja kambi nyingine, na huenda isiwe kitu alichonacho tayari bali anachopaswa kukifanyia kazi. Yeye anajua watamgusa wapi: hasemi akichoka.