Ninavyoeleza kanga kwa wateja wasioona

Miongoni mwa wanaofuata kurasa za duka letu la kanga hapa Lamu, jirani na Usita wa Mui, wamo wasioona, ambao hutumia simu kwa kusikiliza TalkBack ikiwasomea yaliyomo kwenye skrini. Mmoja wao, mama wa makamo, aliniuliza kwa ujumbe wa sauti: “Mwanangu, hiyo kanga jina lake lipi?” Swali hilo ndilo lililonipa utaratibu ninaoufuata hadi leo, kwa sababu kanga huchaguliwa kwa jina lake kama inavyochaguliwa kwa rangi, na jina lililochapwa kwenye kitambaa ni sehemu ya picha, si maandishi ambayo simu itayasoma kama inavyosoma ujumbe.

Ninapopandisha picha Instagram, hufungua mipangilio ya chapisho hadi “Write alt text”, na kuandika maelezo ambayo simu itamsomea asiyeona, kwa mpangilio wa kanga yenyewe: pindo, mji, halafu jina. Kwa doti moja niliandika hivi: “Doti ya kanga. Pindo jeusi pana lenye mistari myembamba myeupe. Mji mwekundu, korosho moja kila pembe, duara kubwa katikati. Jina: Wema hauozi.” Sianzi na “hii ni picha ya”, kwa kuwa simu imekwisha kumwambia msikilizaji kwamba amefika kwenye picha. Jina nalo, ingawa kitambaani limechapwa kwa herufi kubwa, silinakili hivyo, maana maneno ya herufi kubwa tupu huweza kusomwa herufi mojamoja. Rangi huzitaja daima. Wapo waliopoteza uoni ukubwani na wanazikumbuka vyema, na hata asiyewahi kuziona hutaka kujua zawadi anayoipeleka harusini ni ya rangi gani.

Bei, aina ya pamba na namna ya kuagiza huziweka kwenye maelezo ya chini ya picha, ambako kila mteja huzipata. Hapo situmii zile herufi za mapambo zinazonakiliwa mtandaoni: kwa macho zinafanana na herufi za kawaida, lakini kwa simu ni alama za hesabu, nayo huzitaja kwa majina yake au huziruka kabisa. Vikaragosi hutajwa kimoja kimoja, kwa hiyo huweka kimoja tu, mwishoni. Alama ya reli huiandika #KangaZaLamu, kila neno likianza na herufi kubwa, ili maneno yatenganishwe yanaposomwa.

Baada ya kuchapisha, huwasha TalkBack kwenye simu yangu, nikaifunika skrini kwa kitambaa na kusikiliza. Sauti ikiwa ya Kiingereza, Kiswahili huharibika matamshi, basi huhakikisha kwanza nimechagua sauti ya Kiswahili. Chapisho likiwa na picha kadhaa, kila picha hupewa maelezo yake. Ile ya karibu inayoonyesha ukingo wa pindo haihitaji kurudia jina, inahitaji kueleza ukingo huo tu.