Siku tano za seremala

Jana nilikaa na viongozi wa mafundi kwenye jengo la darasa kuwaeleza ratiba. Nilipotaja njia ya lazima na siku za akiba, nyuso zikakunjamana. Nikaokota mkaa, nikachora ukutani.

Kumwaga zege la lenta siku 1, kulimwagilia maji siku 7, kupaua siku 6. Jumla 14. Seremala anaanza siku ileile ya kumwaga zege na anahitaji siku 9 za milango na madirisha, vinavyofungwa baada ya paa.

“Basi seremala ana akiba ya siku 5,” akasema kiongozi wa waashi. Kabisa! Zege halina hata moja. Likichelewa siku moja, makabidhiano nayo yanasogea siku moja. Mfululizo huo, kutoka zege hadi paa, ndio njia ya lazima.

Seremala akauliza: “Nikichelewa siku 7?” Swali zuri mno. Akiba imekwisha, njia ya lazima imehamia kwake, na kazi nzima inasogea siku 2.

Kwenye rejista ya vihatarishi walikuwa wameandika “mvua” tu. Tukaandika upya: barabara ni ya udongo, mvua ikinyesha lori la mbao litakwama na kupaua kutachelewa. Mhusika: mtunza stoo. Hatua: mbao zifike saiti kufikia siku ya 6.