Sekunde 50 za Cherehani

Waandaaji wa shindano la vipaji walitaka video isiyozidi sekunde 50. Walitaka wakujue wewe ni nani kwanza, kuimba kuje baadaye.

Ya kwanza niliirekodia chumbani, nimesimama ukutani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nikataja jina, umri na mtaa, nikasema napenda kuimba tangu utotoni. Sekunde 22 zikawa zimekwisha, na hapakuwa na neno hata moja ambalo mshiriki mwingine asingeweza kulisema.

Shangazi, mwenye kibanda cha ushonaji nilichofanyia kazi Tanga, aliitazama akanirudishia simu. "Huyu simjui, mwanangu. Yule anayeniimbia kutwa nzima yuko wapi?"

Kweli, kibandani nilikuwa nashona huku naimba, na wateja walishazoea. Nikinyamaza ghafla walijua mkasi umepita pasipotakiwa, na wapo waliochungulia wakauliza, "Ni nguo yangu?" Nikaona hilo ndilo la kusema.

Niliandika, nikasoma kwa sauti huku mdogo wangu akihesabu: dakika moja na sekunde 10. Nikafuta habari za shule, nikafuta kwaya, nikabakiza kisa kimoja tu, cha mama niliyemkatia kitenge chake mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Maneno yakachukua sekunde 33. Zilizobaki zilitosha ubeti mmoja.

Simu tuliiegemeza kwanza kwenye meza ya cherehani. Picha ikatikisika, na mlio wa mashine ukameza sauti yangu. Tukaihamishia juu ya marobota ya vitambaa, hatua moja kutoka usoni. Mlango ulikuwa nyuma yangu, uso ukatoka mweusi, kwa hiyo tukageuza cherehani mwanga uje kwa mbele. Bado macho yangu yalikuwa yanakimbilia kujitazama kwenye kioo cha simu. Mdogo wangu akachukua chaki ya kupimia nguo, akatia nukta kando ya kamera.

"Dada, ongea na hapa."

Nilianza nakanyaga pedeli, naimba chinichini. Sekunde ya nne nikanyamaza, mguu ukasimama, cherehani kimya. Nikainua macho: "Ukisikia nimenyamaza, ujue nimeharibu nguo ya mtu." Ndipo nikasimulia kitenge, nikataja jina langu mwisho wa kisa, nikaimba bila mashine. Tulirudia mara sita. Ya tano sauti ilikuwa nzuri zaidi, lakini nilitabasamu kabla ya kunyamaza, na ule ukimya ukaonekana wa kupangwa. Tukatuma ya sita.

Wiki tatu baadaye nilisimama mbele ya majaji. Kabla sijafungua mdomo kuimba, mmoja wao akauliza, "Yule mama aliipokea nguo?"

Nikamwambia tuliukata na mkono wa pili ulingane na ule mfupi, naye akaivaa kwenye harusi ya mwanawe.