Kiitaliano cha skrini si kile cha mezani

Kiitaliano changu nimekiokota hapa hapa Malindi, nikihudumia wageni mezani. Kupokea oda, kupatana bei, kutaniana, hayo nayaweza. Kukisoma ndiyo kazi. Kwa hiyo nilipojiandikisha mtihani wa kiwango cha B1, ule unaofanyiwa nyumbani mbele ya kamera, nilihofia sarufi. Kumbe jasho lingenitoka kabla ya swali la kwanza.

Bahati nzuri waliruhusu jaribio siku moja kabla. Nikaketi jioni na laptopu ya binamu yangu. Ukurasa wa kwanza ulijaa maneno, nikaona uvivu, nikamwambia Chrome autafsiri. Ukatafsirika nusu, na kitufe cha `Avanti`, yaani endelea, kikafa. Nibofye nisibofye, kimya. Tafsiri ya kivinjari hubadilisha maandishi ndani ya ukurasa wenyewe, na kurasa nyingine huvurugika zikiguswa hivyo. Isitoshe, mtihani wa lugha ukifanywa na tafsiri imewashwa, msimamizi atakuelewaje? Nikaizima kabisa, nikafungua ukurasa upya, nikachukua daftari nikaanza kuandika neno baada ya neno.

Hapo nikagundua jambo ambalo lingeniokoa nusu saa: wanaokusemesha ni wawili. Ukurasa wa mtihani unasema Kiitaliano, lakini kisanduku cha kuomba ruhusa si chake, ni cha kivinjari, nacho hufuata lugha ya kivinjari. Laptopu ile ilikuwa ya Kiingereza. Maelezo yaliniambia nibofye `Consenti`, yaani ruhusu, nami nikalitafuta neno hilo kila pembe, huku chaguo la `Allow` likinitazama juu kushoto.

Kwenye kuonyesha skrini nilikwama vilevile. Ukurasa ulitaka `l'intero schermo`, skrini nzima. Kisanduku kikanipa vichupo vitatu, nami nikachagua `Window`, kwa kuwa dirisha la mtihani si ndilo hilo? Ujumbe mwekundu ukarudi na sentensi ile ile. Mfumo unajua umeshiriki nini, na dirisha moja halimtoshi msimamizi, maana nyuma yake unaweza kufungua chochote. Nikaenda `Entire screen`, lakini `Share` ikabaki ya kijivu. Ni mpaka ubofye kwanza ile picha ndogo ya skrini yako, ndipo kitufe kinapata rangi. Na picha zangu zilikuwa mbili: binamu alikuwa ameiunganisha laptopu na televisheni. Nikachomoa waya, maana `secondo monitor` ilikuwa imo katika vilivyokatazwa.

Kamera ilinipa neno jipya, `inquadra`: elekeza kamera hadi kitu kionekane chote. Mezani kwa wageni nalijua `tavolo`. Hapa wanasema `scrivania`, meza ya kuandikia. Basi unainyanyua laptopu, unazungusha polepole kuta nne, halafu juu ya meza, halafu chini yake. Mara ya kwanza nilizunguka kama feni, nikaambiwa nirudie kwa sababu picha ilikuwa ukungu mtupu. Pia nilikuwa nimelipa dirisha mgongo, uso ukatoka mweusi. Nikageuza meza.

Wakataka na masikio, `mostra le orecchie`. Mimi navaa mtandio. Nikamwandikia msimamizi kwenye sehemu ya ujumbe kama yuko mwanamke. Akaletwa, nikausogeza kidogo pande zote mbili, akaona sina kitu masikioni, yakaisha.

Orodha ya vitu ndiyo inayotaka utulivu. Ilikuwa na vichwa viwili, `vietati` na `ammessi`. Cha kwanza ni marufuku: simu, saa ya mkono, `auricolari` za masikioni, `appunti` ambazo ni maandishi yako. Daftari langu la maneno lingeniponza hapo! Cha pili ni ruhusa: maji katika chombo kinachoonyesha ndani, bila lebo. Mimi nilisoma `acqua` nikaitoa chupa mbio, wakati ilitosha kubandua karatasi yake. Mwisho kuna kisanduku cha tiki, `Dichiaro di non avere`, natangaza kwamba sina. Usipoona ile `non` utaogopa kutia tiki, na usipotia hupiti.

Lililobaki ni simu. Marufuku chumbani, lakini ndiyo iliyonipa mtandao. Nikaiweka sebuleni nyuma ya mlango, nikamwachia mdogo wangu na onyo kali: asipokee.

Siku yenyewe akapokea. “Nilidhani shangazi ana dharura, dada.” Data ikasimama, ukurasa ukanirudisha mwanzo kabisa, kamera na yote. Safari hiyo ukaguzi mzima haukunifikisha hata dakika tano.